Kanuni umeijua, lakini je, umeitumia? Uchambuzi wa majibu ya maswali ya kisa katika sheria ya mikataba

"Nimetaja kifungu, nimetaja kesi, nimesema nani anashinda. Kwa nini nimepata alama 9 kati ya 20?"

Kwa sababu kati ya kifungu na mshindi hamna kitu. Msahihishaji anaona kanuni iliyonakiliwa vizuri, kisha sentensi moja inayoanza na "kwa hiyo". Kazi aliyotaka kuipima ingekuwa katikati ya hizo mbili.

Walimu wa sheria wamegawanyika kuhusu tiba yake. Wapo wanaoshikilia mfumo wa hatua nne: hoja, kanuni, utumizi wa kanuni kwenye ukweli wa kisa, hitimisho. Wanasema mwanafunzi asiye na mfumo huruka hatua, na huo ni ukweli. Wengine wanaona mfumo huo ndio unaozaa ugonjwa: mwanafunzi anaujaza kama fomu, anatumia ukurasa mzima kwenye kanuni kwa kuwa ndiyo aliyoikariri, na utumizi unabaki na mistari miwili. Kila upande umeona kosa la kweli. Tuchukue swali moja tuone kosa linaingilia wapi.

Bi Rehema ana mashine ya kusaga nafaka Njombe. Mota imeungua. Anampa msafirishaji aipeleke kwa fundi Dar es Salaam ikasukwe upya, na msafirishaji anaahidi kuifikisha kwa siku 2. Wakati wa kulipa nauli, Rehema anamwambia karani, "Mashine imesimama, naomba iwahi." Mota inafika siku ya 9, na kwa hiyo mashine inasimama siku 7 zaidi ya ilivyopaswa. Faida yake ya kawaida ni shilingi 60,000 kwa siku. Pia amepoteza mkataba wa kusambaza unga shuleni, wenye faida ya shilingi 1,200,000, ambao karani hakuelezwa. Siku 3 za ucheleweshaji zilipokwisha, jirani alimwambia anaweza kumkodisha mota ya akiba kwa shilingi 20,000 kwa siku. Akakataa. Anastahili fidia gani?

Tanzania Bara tunaanza na kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kinaruhusu fidia ya hasara inayotokea kwa kawaida mkataba wa namna hiyo unapovunjwa, au hasara ambayo pande zote mbili zilijua, walipofanya mkataba, kwamba yaelekea kutokea. Chimbuko la wazo hilo ni kesi ya Uingereza ya Hadley dhidi ya Baxendale ya 1854. Mwanafunzi wa Kenya anaweza kuanza na kesi yenyewe, kwa kuwa Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inaelekeza kwenye sheria ya Uingereza. Wa Tanzania akianza na kesi na kukisahau kifungu, ameanza na mshauri akamwacha mwenye amri.

Aya hiyo ya kanuni inatosha. Sasa ivunje vipande: hasara ya kawaida, hasara iliyojulikana, na lile angalizo la kifungu kwamba njia zilizokuwepo za kupunguza hasara lazima zizingatiwe. Kila kipande kipewe utumizi wake. Hapo ndipo mfumo wa hatua nne unapoponyeka: usiupitie mara moja kwa swali zima, upitie mara moja kwa kila kipande.

Anza na zile shilingi 60,000. Jibu dhaifu husema: "Katika Hadley mwenye kinu hakupata faida iliyopotea, hivyo Rehema naye hapati." Visa vinafanana mno, na kufanana huko ndiko kunakopoteza wengi. Katika Hadley, shafti ya injini ya kinu cha Gloucester ilivunjika ikapelekwa Greenwich iwe kielelezo cha kutengenezea nyingine, na msafirishaji akachelewa. Mahakama ilisema msafirishaji alijua tu kwamba amebeba shafti iliyovunjika na kwamba wateja wake ni wenye kinu. Huenda walikuwa na shafti ya akiba, kwa hiyo kusimama kwa kinu hakukuwa tokeo la kawaida la kuchelewa. Muhtasari uliochapishwa juu ya hukumu hiyo ulionyesha kwamba karani aliambiwa kinu kimesimama, na mwaka 1949, katika Victoria Laundry dhidi ya Newman, majaji walieleza kwamba muhtasari huo unapotosha. Anayesoma muhtasari peke yake ataukosa ukweli ambao jibu zima linauegemea.

Karani wa Rehema aliambiwa. Hiyo ndiyo tofauti, na lazima iandikwe pamoja na "kwa sababu" yake: msafirishaji alijua hasara hii yaelekea kutokea, kwa sababu karani aliambiwa mashine imesimama. Upande wa pili nao usikilizwe. Kifungu kinataka ujuzi uwepo wakati wa kufanya mkataba. Rehema alisema wakati wa kulipa. Kama makubaliano yalikamilika jana yake kwa simu, maneno yake yalichelewa. Swali halitaji makubaliano ya awali, kwa hiyo busara ni kuchukua kwamba mkataba ulifanyika pale dirishani. Na je, aliyeambiwa angekuwa kuli anayepakia mizigo? Ingekuwa vigumu kusema ujuzi wake ni wa msafirishaji. Karani anayepokea mzigo na nauli yuko hapo kwa niaba ya mwajiri wake.

Mkataba wa shule unahitaji aya yake. Kujua kwamba mashine imesimama si kujua kwamba kuna shule inayosubiri unga kwa bei maalumu. Katika Victoria Laundry, dobi aliyecheleweshewa boila aliruhusiwa faida ya kawaida ya biashara, lakini si kiwango cha juu cha kandarasi nono za serikali ambazo muuzaji hakuzijua. Shilingi 1,200,000 zinaanguka kwa sababu hiyo.

Limebaki suala la mota ya jirani, ambalo wengi hulimaliza kwa kuandika "alipaswa kupunguza hasara" na kuishia hapo. Piga hesabu. Siku 3 za kwanza hakuwa na njia: 3 × 60,000 ni 180,000. Siku 4 zilizobaki angeweza kusaga kwa kukodi, na hasara yake ingekuwa kodi tu: 4 × 20,000 ni 80,000. Jumla ni shilingi 260,000, badala ya 420,000. Mtetezi wa Rehema atauliza kama mota ya jirani ilikuwa na nguvu ya kuendesha mashine ile. Ni hoja halali, ila swali halitoi dalili yoyote ya kasoro, na kukataa bila sababu kunamwelemea yeye.

Kuna walimu wanaotaka hitimisho la uhakika, na wengine wanaoridhika na "inategemea". Naegemea kwa wa kwanza, kwa sharti moja: taja ukweli ambao ukibadilika jibu nalo hubadilika. "Rehema anastahili shilingi 260,000, lakini ikithibitika mkataba ulikamilika kabla karani hajaambiwa, faida iliyopotea inaondoka." Aliyeandika hivyo ameamua, na ameonyesha uamuzi wake umesimama juu ya nini.

Kabla ya kukabidhi karatasi, chukua aya ya utumizi ufute majina, siku na kiasi cha fedha. Ikibaki inasomeka sawasawa, uliandika kanuni mara ya pili.