Hamu Inapoondoka Pamoja na Mshahara

Mwanamume anayefika kituo cha afya kuomba dawa ya nguvu za kiume huulizwa umri wake, kama ana kisukari au shinikizo la damu, kama anakunywa pombe na kama anavuta sigara. Maswali hayo yote ni ya lazima, wala sisemi yaachwe. Lakini katika miaka ambayo nimekuwa nikiwashauri wanandoa hapa Dar es Salaam, nimeona kwamba kuna swali jingine ambalo karibu kila mara linasahauliwa, nalo ni kama mtu huyo bado ana kazi, na kama hana, ni nani sasa analipa kodi ya nyumba. Naamini kwamba swali hilo lingestahili kuulizwa mapema kabisa, kabla mtu hajaandikiwa vidonge, kwa sababu jibu lake mara nyingi ndilo linaloeleza kile ambacho vipimo vya damu haviwezi kukieleza.

Sababu hii hujificha hata kwa mwenye tatizo mwenyewe, na inajificha kwa namna ya pekee: hamu haiondoki siku ambayo barua ya kuachishwa kazi inapokelewa. Nitaeleza mfano mmoja, nikibadilisha mambo madogo ili mhusika asitambulike. Alikuwa mtunza stoo mwenye umri wa miaka 41, ameitumikia kampuni moja kwa miaka 11 kwa mshahara wa msingi wa shilingi 650,000 kwa mwezi, na kampuni ilipopunguza wafanyakazi jina lake likawemo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na haihesabu zaidi ya miaka 10. Mshahara wake ukigawanywa kwa siku 26 za kazi unakuwa shilingi 25,000 kwa siku, kwa hiyo kwa siku 70 alipata shilingi 1,750,000. Juu ya hapo alifungua madai ya fao la kukosa ajira NSSF, ambalo humpa mwanachama aliyetimiza masharti takribani theluthi moja ya mshahara wake kwa muda wa miezi 6.

Katika miezi hiyo 6 mambo ya chumbani hayakubadilika. Alikuwa na wasiwasi, ndiyo, lakini aliendelea kuacha hela ya matumizi mezani kila asubuhi, alilipa ada ya watoto, na alijiona bado baba mwenye nyumba ambaye yuko kwenye mapumziko yasiyo ya hiari. Mwezi wa saba fao lilikoma, kiinua mgongo kilikuwa kimeshaliwa, na mwenye nyumba akadai kodi ya miezi 6 kwa mkupuo kama ilivyo desturi ya mji huu. Mkewe, anayeuza supu na chapati asubuhi karibu na kituo cha daladala, akachukua mchezo wake wa upatu akailipa. Baada ya wiki chache yule bwana akaanza kwenda kulala baada ya mkewe kusinzia, kisha akahamia kwenye kochi kwa kisingizio cha joto. Aliponijia hakuwa ameyaunganisha kabisa mambo hayo mawili. Aliniambia, "Dada yangu, kazi niliipoteza zamani na hilo nilishalizoea; hili la mwili ni ugonjwa mwingine." Miezi iliyopita katikati ndiyo iliyomdanganya, na ndiyo inayowadanganya wengi.

Mwili una sababu zake za kufanya hivyo. Ili uume usimame, mishipa yake ya damu lazima ilegee na kujaa damu, na kazi hiyo inaongozwa na ile sehemu ya mfumo wa fahamu inayotawala mwili unapotulia. Mtu anayelala akipiga hesabu za madeni mwili wake uko katika hali ya kukabili hatari, ambapo adrenalini inazidi na kuibana mishipa hiyohiyo inayopaswa kulegea. Wasiwasi ukiwa wa miezi na si wa siku moja, homoni ya kortisoli nayo hubaki juu na usingizi huharibika, na kwa kuwa testosteroni hutengenezwa kwa wingi wakati wa usingizi, mtu anayekosa usingizi muda mrefu anaweza kushuka kiwango chake pia. Kisha huja hofu ya kushindwa. Akishashindwa mara moja, safari inayofuata hayupo tena na mkewe bali amekaa pembeni akijichunguza kama ataweza, na kule kujichunguza kwenyewe kunatosha kumwangusha.

Hata hivyo sidhani kwamba homoni ndizo zinazobeba uzito mkubwa. Uzito mkubwa uko kwenye aibu. Bwana yule alinieleza kwamba mkewe alipomgusa begani usiku, yeye alihisi kana kwamba anadaiwa, ingawa mama yule hakuwa amesema neno. Mguso uliokuwa wa mapenzi ulikuwa umegeuka deni jingine ambalo hana cha kulilipia. Mwanamume aliyelelewa akiambiwa kwamba heshima yake ndani ya nyumba inatokana na kile anacholeta, siku akikosa cha kuleta hujiona hana haki hata ya kumtamani mkewe, na mtu hawezi kuwa na hamu na mahali anapojiona mdaiwa.

Mkewe naye alikuwa na maelezo yake, tena yenye mantiki. Mume halali chumbani, simu ameigeuza kifudifudi na kuiweka nywila mpya, ujumbe ukiingia anatoka nje. Alikuwa na hakika kwamba kuna nyumba ndogo. Ukweli ni kwamba ujumbe ule ulitoka kwa wakopeshaji: alikuwa amechukua mkopo wa kausha damu bila kumwambia, kisha mikopo miwili ya mtandaoni kuulipa ule wa kwanza, na wakopeshaji walikuwa wakimtishia kuwapigia ndugu zake. Kwa hiyo mmoja alificha deni, mwingine akaona usaliti, na kila mmoja akazidi kujitenga kitandani kwa sababu ambayo mwenziwe hakuijua.

Ni haki kusema kwamba wakati mwingine nyumba ndogo ipo kweli. Mtafiti wa Kidenmaki Margrethe Silberschmidt, aliyefanya utafiti Kisii nchini Kenya na pia hapa Dar es Salaam, ameeleza jinsi wanaume walioshindwa kutimiza wajibu wa kulisha familia walivyotafuta heshima yao upya kupitia mahusiano ya nje. Kwa mtazamo wangu jambo hilo halipingani na nilichosema, bali linakithibitisha: hamu haikufa, imeikimbia nyumba inayomkumbusha upungufu wake. Kulieleza si kulihalalisha, maana gharama yake huangukia mke, kwa fedha na kwa hatari ya magonjwa.

Basi mtu atajuaje kwamba chanzo ni hiki na si maradhi? Dalili ya kwanza ya kuangalia ni alfajiri. Mwanamume ambaye bado huamka uume ukiwa umesimama, au ambaye hamu humjia akiwa peke yake lakini humtoka akiwa na mkewe, kwa kawaida mishipa yake ni mizima. Ya pili ni namna tatizo lilivyoanza, kwa sababu la kisukari au la mishipa ya damu huja polepole kwa miaka na halichagui siku, ilhali hili lina mwezi unaoweza kutajwa na hupungua siku akipata kibarua kizuri. Wala vipimo visiachwe kwa kudhani jibu limeshapatikana. Aliyepoteza kazi mara nyingi amepoteza na bima, na nimewaona walioacha dawa za shinikizo la damu kimyakimya ili kubana matumizi. Kwa aliyevuka miaka 40, kushindwa kusimamisha kunaweza kuwa ishara ya mapema ya ugonjwa wa moyo, hivyo sukari na shinikizo vipimwe. Testosteroni nayo ikipimwa, damu itolewe asubuhi kabla ya saa nne, na kipimo kirudiwe siku nyingine kabla ya kukiamini. Na kama mtu amepoteza hamu ya kila kitu, chakula, marafiki, mpira, hata watoto wake, kwa zaidi ya wiki mbili, hiyo ni sonona, na inatakiwa kutibiwa yenyewe.

Kinachonihuzunisha ni kwamba wengi hupita kwanza kwa wauza vumbi la Kongo. Dawa za aina hiyo zinazouzwa kama mitishamba zimebainika katika nchi nyingi kuwa zimechanganywa kwa siri na sildenafil, ile dawa iliyomo ndani ya vidonge vya hospitali, bila kipimo kinachojulikana, na ni hatari ya kifo kwa anayetumia dawa za moyo za kundi la naitreti. Hata ikiwa salama, sildenafil husaidia damu kuingia mahali ambapo hamu tayari ipo. Hamu yenyewe haiileti. Bwana yule alishatumia karibu shilingi 60,000 kwa vumbi, fedha alizozikopa, na matokeo yake akawa na deni zaidi na hofu zaidi.

Tulichofanya hakikuanzia kitandani. Waliketi mchana wakiwa wawili, watoto wakiwa shule, akaandika kila deni kwenye daftari mbele ya mkewe. Mama yule alilia, kisha akaniambia kwamba alilia kwa nafuu, kwa kuwa alikuwa amejiandaa kusikia jina la mwanamke. Nikawaomba waache kabisa tendo la ndoa kwa wiki tatu, walale kitanda kimoja na kugusana bila kutarajia chochote, ili mguso upoteze ile sauti ya kudai. Nikawakumbusha pia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 63, inapompa mume wajibu wa malazi, mavazi na chakula cha mkewe, inaupima wajibu huo kwa uwezo alio nao, na inamtaka mke mwenye uwezo amtunze mume aliyeshindwa kwa ugonjwa au ulemavu. Alishangaa kusikia kwamba sheria yenyewe ina huruma kuliko alivyojihukumu.

Alianza kuamka saa kumi usiku kukanda unga wa chapati na kushika hesabu za biashara, kazi ya stoo aliyoijua vizuri. Hamu ilirudi kabla ya ajira kurudi, ingawa si kwa kiwango cha zamani, na deni la kausha damu liliendelea kuwasumbua karibu mwaka mzima. Likatokea na jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelitazamia: sasa aliyechoka alikuwa mke, aliyesimama jikoni tangu usiku na kubeba nyumba kwa miezi mingi, na ikabidi tuanze kuzungumza juu ya hamu yake yeye, ambayo katika muda wote huo hakuna aliyekuwa ameiulizia, mimi nikiwa mmojawapo.