Bandama haianziwi mbavuni

Katika stesheni ya kupima tumbo kwenye mtihani wa vitendo wa udaktari, kosa linaloumiza zaidi ni kusema "sijahisi bandama" wakati bandama imejaa upande mzima wa kushoto. Mtahiniwa hutoka akiamini amefanya vizuri, maana alipita hatua zote. Kwa maoni yangu, kosa hilo halitokani na vidole visivyo na uzoefu. Linatokana na mambo mawili yanayoamuliwa mapema: namna mgonjwa alivyolazwa, na mahali mkono ulipoanzia.

Tuchukue stesheni ya dakika 8. Mgonjwa ni mvuvi wa miaka 32 kutoka Ukerewe, na karatasi mlangoni inasema tumbo lake limekuwa zito kwa miezi kadhaa. Nawa mikono, msalimie kama unavyomsalimia mtu yeyote wa umri wake, jitambulishe kwa jina na mwaka wako wa masomo, hakikisha jina lake na umri. Kisha omba ridhaa kwa maneno anayoyaelewa: "Kaka, naomba kukupima tumbo. Nitaangalia, nitakugusa, na nitagonga kidogo kwa vidole. Kuna mahali panauma?" Swali hilo la mwisho lina kazi. Panapouma utapagusa mwisho, kwa sababu ukianzia hapo atakaza misuli ya tumbo zima na hutahisi kitu tena. Muulize pia kama amekojoa, maana kibofu kilichojaa huhisika kama uvimbe juu ya kinena.

Sasa mlaze, na hapa ndipo watahiniwa wengi hukimbia. Kitanda kiwe bapa, kichwa kwenye mto mmoja tu, mikono ubavuni. Mgonjwa akiweka mikono nyuma ya kichwa, au akiinua kichwa ili aone unachofanya, misuli ya mbele ya tumbo inakaza na inakuwa ubao. Tumbo likiendelea kukaza, mwambie akunje magoti kidogo. Funua kuanzia chini ya chuchu hadi kwenye kinena, na shuka ibaki chini ya hapo. Kwa mwanamke, kifua kifunikwe kwa kanga au shuka ya pili, na awepo mtu wa kusindikiza kipimo.

Wewe simama kulia kwake. Angalia kwanza ukiwa miguuni: je, upande mmoja umejaa kuliko mwingine akivuta pumzi? Mikono, macho na shingo visikule zaidi ya dakika moja na nusu. Tafuta weupe wa kope, umanjano wa macho, na mtikisiko wa viganja akinyoosha mikono na kukunjua vifundo kwa nyuma. Najua wakufunzi wengine wanapenda orodha ndefu ya dalili za mikononi. Mimi naona dakika zinazoishia kwenye kucha ndizo zinazokosekana kwenye bandama.

Kabla ya kupapasa, piga goti au kaa, ili mkono wako kutoka kiwiko hadi kiganja uwe sawa na tumbo lake. Ukisimama wima, mkono unateremka kwa pembe na ncha za vidole zinachoma. Papasa kwa juu juu maeneo yote 9, macho yako yakiwa usoni pake, si kwenye mkono wako. Akikunja uso, umeshapata jibu kabla hajasema. Kisha rudia kwa kina.

Kwa ini na kwa bandama, anza mahali palepale: chini kulia, juu kidogo ya kinena. Ini unalifuata kwa kupanda wima kuelekea mbavu za kulia. Bandama unaifuata kwa mshazari, ukipita karibu na kitovu kuelekea mbavu za kushoto, kwa sababu inapokua hufuata njia hiyohiyo kutoka upande wa pili. Ukianzia chini ya mbavu za kushoto kwa mgonjwa huyu, mkono wako unatua juu ya bandama yenyewe. Huhisi ukingo, kwa kuwa ukingo uko mbali chini ya mkono wako. Unahisi uso laini, mgumu kiasi, unaofanana na tumbo lililokaza. Hapo ndipo "sijahisi bandama" inapozaliwa.

Mkono una mwendo wake. Mwambie avute pumzi kwa mdomo. Wakati anavuta, mkono wako utulie pale pale, ukiwa umebonyeza kwa upande wa kidole cha shahada. Pumzi inasukuma kiungo chini kije kukutana nawe. Anapotoa pumzi, sogea kama sentimita 2, kisha subiri tena. Mtahiniwa anayesogeza mkono wakati mgonjwa anavuta pumzi anakimbizana na ukingo na kuupita. Na usichimbe, kwani bandama iliyovimba inaweza kupasuka.

Ukifika mbavuni bila kitu, weka mkono wa kushoto nyuma ya mbavu zake za chini na uvute taratibu kuja mbele. Bado hakuna? Mgeuze alalie ubavu wa kulia, akukabili, goti la kushoto limekunjwa, ujaribu tena. Hiyo ni kwa bandama ndogo, ambayo kwa kawaida haihisiki hadi ikue mara 2 hadi 3 ya ukubwa wake.

Kwa mvuvi wetu, ukingo unagonga kidole ukiwa bado karibu na kitovu. Sasa uthibitishe kuwa si figo. Jaribu kupitisha vidole kati ya uvimbe na mbavu: havipiti. Unashuka kwa mshazari kuelekea kulia anapovuta pumzi, una mkato kwenye ukingo wa ndani, na ukigonga unatoa sauti butu hadi juu ya mbavu. Figo ingeruhusu vidole kupita juu yake, ingesukumika kati ya mikono miwili, na kwa kawaida ingekuwa na sauti ya hewa mbele yake kwa sababu ya utumbo.

Pima kwa rula kutoka ukingo wa mbavu. Hapa ni sentimita 12, na ukingo umefika kitovuni bila kukivuka, yaani daraja la 3 kwa kipimo cha Hackett cha ukubwa wa bandama. Sehemu ya kulia ya ini haihisiki, lakini chini ya ncha ya kidari kuna sehemu ya kushoto ya ini, ngumu, sentimita 6. Gonga kutafuta maji: kutoka kitovuni kwenda ubavuni, acha kidole pale sauti inapobadilika, mgeuze, subiri nusu dakika, gonga tena. Haibadiliki. Hilo haliondoi maji kidogo, kwa sababu kipimo hiki kwa kawaida huhitaji kama lita moja na nusu. Sikiliza utumbo kwa muda mfupi.

Mfunike, msaidie kuketi, mshukuru, nawa. Mgeukie mtahini na uanze na kitu kikubwa: "Mvuvi huyu ana bandama kubwa ya sentimita 12 na sehemu ya kushoto ya ini iliyokua, bila umanjano wala maji ninayoweza kuyatambua. Kwa anakotoka, nafikiria kwanza kichocho cha utumbo kilichopandisha shinikizo la mshipa unaopeleka damu kwenye ini; malaria sugu ya bandama ni ya pili. Ningependa kumuuliza kama amewahi kutapika damu, kisha nikamilishe kwa kupima maeneo ya ngiri, sehemu za siri na njia ya haja kubwa, pamoja na mkojo, choo kwa mayai ya kichocho, na ultrasaundi ya tumbo." Swali la kutapika damu usiliache, maana mishipa iliyovimba kwenye umio ndiyo inayoua wagonjwa wa aina hii, na mtahini atakuwa analisubiri.