Goti la Mama na Vitenge Vyangu

Mwanamke wa kwanza aliingia asubuhi, hata sijamaliza kupanga vitambaa, akaniuliza goti linaendeleaje. Nikamjibu kwamba magoti yangu yote ni mazima, namshukuru Mungu.

"Si ya kwako, papa. La yule mama."

Nikadhani amepotea butiki. Akaja wa pili, naye akaanza na pole ya goti. Wa tatu hakuuliza goti, alishika kitenge cha bluu, akanitazama usoni bila haya, akasema: "Nabembeleza sana." Hapo ndipo damu ilianza kunikimbia mwilini.

Nauza vitenge hapa Lubumbashi, karibu na soko la Kenya. Kuna binti wa Katuba anayetengeneza video za mavazi na mapishi YouTube, na watu wengi humfuata. Nikamlipa atangaze mzigo mpya. Video yenyewe sikuwa na wasiwasi nayo, binti anajua kuongea. Wasiwasi wangu ulikuwa yale maandishi ya chini, maana mtu akishapenda kitambaa anataka kujua kiko wapi na ni bei gani, na hayo huyatafuta pale. Basi nikamwandikia barua kwenye WhatsApp, ndefu na ya heshima, nikieleza nini lazima kiwemo.

Na barua ilikuwa nzuri, sitaki mtu aniambie vingine. Nilimwambia kwamba mistari miwili ya kwanza ndiyo duka. Kwenye simu, mtu huona maneno machache tu ya mwanzo, mengine hujificha mpaka aguse afungue, na wengi hawagusi. Kwa hiyo pale juu kabisa ziwepo aina ya kitenge, bei na kiungo cha WhatsApp. Historia ya butiki ikae chini, anayeipenda ataifuata.

Kiungo nacho nilikieleza kwa uchungu, kwa sababu tangazo la kabla ya hili lilikufa kwa sababu ya sifuri moja. Kijana mmoja aliweka namba yangu kama tunavyoitajiana hapa mjini, ikianza na 0, na kila aliyegusa akaambiwa namba haipo. Kiungo kinataka namba ya kimataifa: 243, halafu tarakimu tisa, bila sifuri ya mbele na bila alama ya kujumlisha. Nikamwandikia umbo lake:

```
https://wa.me/243XXXXXXXXX?text=BUKARI
```

Hilo BUKARI la mwisho ni ujanja wangu. Mtu akigusa, WhatsApp inafunguka na neno limeshaandikwa, yeye anabonyeza tu kutuma. Nami najua huyu katoka kwenye video, si mpita njia. Anayesema BUKARI apunguziwe dola 2, mpaka Jumamosi.

Nikamwomba pia aandike waziwazi kwamba video imelipiwa na butiki yangu, na wakati wa kupandisha atie alama kwenye kile kisanduku cha promosheni ya kulipwa, ili watazamaji waone tangazo lile la sekunde 10 mwanzoni. Mteja akigundua mwenyewe kwamba sifa zilinunuliwa, hata kitenge kizuri anakiona cha uongo.

Hadi hapo kuna mtu atasema nimekosea wapi?

Lakini barua ni barua. Mtu mzima haanzi barua kwa bei. Nilianza hivi: "Binti yangu mpendwa, salamu nyingi. Goti la mama yako linaendeleaje? Mwambie asikae kwenye baridi." Na katikati, kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani, nikamwekea maelezo ya pembeni ili aelewe biashara: kwamba bei halisi ya vipande vya yadi sita ni dola 24, tumeandika 26 ili lile punguzo la BUKARI lisituumize; kwamba anayebembeleza sana namwachia kwa 19, ila hilo lisitoke nje; na kwamba mama watoto wangu akimuuliza, nimemlipa dola 30, si 60.

Siku ya kupandisha video binti alikuwa kwenye arusi. Akampigia mdogo wake: "Nakili yale maneno ya papa, uyaweke chini." Mdogo wake ni mtoto mtiifu sana. Akanakili yote, kuanzia salamu hadi "Wako katika biashara".

Nimekuja kujua baadaye kwamba maandishi ya chini ya video yana kikomo cha herufi 5,000. Barua yangu haikufika hata nusu. Nimejua pia kwamba YouTube hukataa alama za < na >. Ningechora kamshale kamoja tu kuelekea kwenye bei, pengine ingegoma kupokea na mtoto angempigia dada yake. Sikuchora.

Kwa hiyo ile mistari miwili ya dhahabu, niliyoitetea kwa aya nzima, ilibebwa na goti. Hata asiyefungua maelezo aliliona goti. Kwenye komenti watu walikuwa wanaandika majina ya majani ya kuchemsha. Na kwa sababu goti halikueleweka, wengi walifungua wasome zaidi, kitu ambacho hakuna tangazo langu lililowahi kukipata, na huko ndani wakaikuta 19.

Kiungo kilifanya kazi kikamilifu, hilo nalo niliseme. Simu ililia BUKARI, BUKARI, BUKARI mpaka nikaizima. Na waliofika dukani walikuwa na hesabu. "Papa, bei ya mwisho ni 19. BUKARI ni 2. Nipe kwa 17." Nikajaribu kueleza kwamba mambo hayo mawili hayaendi pamoja. Mama mmoja akafungua simu, akanisomea barua yangu kwa sauti kama katekista: hakuna mahali niliposema hayaendi pamoja. Mimi kitenge hicho hukichukua kwa dola 17 na nusu.

Nikampigia binti. Kabla sijafungua mdomo: "Papa! Video inatembea! Batu banaangalia sana!" Nikamwambia asome chini. Pakawa kimya, kisha nikasikia anaita jina la mdogo wake kwa namna ambayo sitaiandika. Maelezo hubadilishwa bila kuipandisha video upya. Aliingia, akafuta, akaweka yanayotakiwa, akahifadhi. Kazi ya dakika chache. Ila picha za skrini hazifutiki, na mojawapo ilikuwa imeshafika Kolwezi, kwa shemeji yangu, na kutoka Kolwezi ikarudi Lubumbashi, jikoni kwangu.

Mama watoto hakupiga kelele. Aliniwekea bukari na mboga, akakaa mbele yangu, akauliza: "Sitini toa thelathini, inabaki ngapi?"

Barua ya video ya pili ameandika yeye. Ni fupi. Mstari wa kwanza ni kitenge cha yadi sita, dola 22, na kiungo chenye namba yake, si yangu. Wa pili unasema video imelipiwa na butiki, dola 60, kwa ruhusa yake. Wa tatu unasema hakuna kubembeleza, na papa wa dukani hana mamlaka ya kupunguza. Binti alimuuliza kwa heshima kama na huo wa tatu anauweka. Akaambiwa aupandishe juu, uwe wa kwanza.

Sasa wateja wakiingia wananisalimia vizuri, wanatazama nyuma yangu, na kuuliza kama mama yupo.