Barafu ya Mlali na saa saba asubuhi

Shangazi yangu amelima nyanya Mlali, Morogoro, tangu mimi niko shule ya msingi. Wiki iliyopita alinitumia linki WhatsApp, ikafuata sauti yake: "Baba, hebu nisomee hii. Wanasema nimwagilie saa saba asubuhi. Saa saba asubuhi ndiyo saa ngapi?"

Nikafungua. Kilimo bora cha nyanya, mwongozo kamili kwa wanaoanza. Kiswahili kimenyooka, ngeli zote zimekaa mahali pake, picha ya nyanya zinang'aa kama zimepakwa mafuta ya nazi. Aya ya tatu inamshauri mkulima asie mbegu "wiki mbili baada ya barafu ya mwisho ya majira ya kuchipua".

Barafu. Mlali. Najua Makete na Njombe huamka Juni na Julai majani yameganda, msiniandikie. Lakini hata huko hakuna mtu anayesubiri majira ya kuchipua. Wanahesabu masika na kiangazi kama sisi wengine.

Mpaka mwaka juzi tovuti za namna hii, zinazojazwa na mashine, tulizikamata kwa lugha. Sentensi zilichechemea, "unga wa matumizi yote" ulijaa kwenye mapishi, ukacheka ukafunga. Siku hizo zinaisha. Akili mnemba imejifunza ngeli kuliko baadhi ya watangazaji wetu. Na nikiri, kwa shingo upande, kwamba lugha mbovu haikuwahi kuwa ushahidi tosha: kuna ndugu zetu wamesoma Kiingereza tangu chekechea, wanaandika "mwisho wa siku" kila aya, na ni watu wa nyama na damu. Kwa hiyo acheni kuwinda makosa ya sarufi. Tazameni kisichokuwepo.

Makala ile ina orodha ya wadudu. Vidukari wamo, inzi weupe wamo, na yumo mdudu anaitwa "minyoo ya pembe", ambaye ni kiwavi anayesumbua bustani za Marekani. Kantangaze hayumo. Fikiria hilo kidogo. Yule mdudu aliingia nchini 2014, akatafuna majani kwa ndani na kutoboa matunda, watu wakaacha nyanya wakahamia vitunguu. Jina lenyewe limetoka kwa wakulima: akishaingia shambani kwako, hasara yako inakutangaza mji mzima. Mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye shamba la nyanya Tanzania, hata kwa kupita tu akielekea kwenye basi, angeanza na huyo. Makala ya maneno elfu mbili haimjui. Haijui tenga wala lumbesa. Haijui dalali anayekuja na fuso wakati nyanya zimeshaiva na huna pa kuziweka. Inajua kwamba nyanya "zina faida nyingi kiafya".

Hapo ndipo pa kuwakamatia, na hata mashine ikiinoa sarufi yake patabaki palepale kwa muda mrefu. Maandishi hayo yametengenezwa kwa wastani wa kila kilichoandikwa duniani kuhusu nyanya, na wastani huo uko Ulaya na Marekani. Ukiugeuza Kiswahili unapata sentensi zetu zenye hali ya hewa ya kwao. Ile saa saba nayo ilitoka huko: mahali fulani iliandikwa 7 kwa saa za Kizungu, namba ikapita kama ilivyo. Shangazi angeitii angemwagilia jua la utosi.

Nilikasirika vya kutosha kukosa usingizi, nikaamua kuwachungulia jikoni. Tovuti yao inaendeshwa kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti, na nyingi za namna hiyo huacha mlango mmoja wazi bila kujua. Unachukua anwani ya tovuti unaongeza hiki mwishoni:

```
/wp-json/wp/v2/posts?per_page=100&_fields=date,author,title
```

Wenye akili huufunga mlango huu, basi usishangae ukigoma. Kwangu ulifunguka, ukanimwagia makala mia za mwisho, kila moja na tarehe, saa na namba ya mwandishi. Mwandishi wa zote ni namba 1. Zimepishana dakika ishirini, ishirini, ishirini. Nyanya saa tisa kasoro ishirini usiku, dalili za ugonjwa wa figo saa tisa kamili, jinsi ya kumrudisha mpenzi aliyekuacha saa tisa na dakika ishirini. Piga hesabu: makala mia kwa mwendo huo ni saa 33 mfululizo, bila kula, bila kwenda msalani, bila umeme kukatika. Hilo la umeme peke yake lingetosha kunishawishi.

Kule mbele ya duka, lakini, kila makala ina jina la mwandishi na picha ya mtu anayetabasamu. Mtaalamu wa kilimo ndiye daktari wa figo ndiye mshauri wa mapenzi. Nikaitafuta anwani yenyewe kwenye Wayback Machine, ghala la kurasa za zamani za mtandao. Miaka sita nyuma ilikuwa ya mtu anayepamba kumbi za harusi. Aliacha kuilipia, wakaiokota, wakitumaini injini za utafutaji zitaiamini anwani kongwe kuliko ya jana.

Mchezo huu wala si wa kwetu. Tovuti ya The Hairpin ya Marekani, iliyokuwa na waandishi hasa, ilifungwa 2018, na baadaye jina lake likanunuliwa likajazwa makala za mashine. Machi 2024 Google walitangaza kupiga vita ufufuaji wa anwani zilizokufa, pamoja na uzalishaji wa makala kwa wingi ili kupanda kwenye matokeo. Soma vizuri hapo: kosa ni wingi wenye nia hiyo, mashine yenyewe haijakatazwa. Sawa, nakubali, maana kabla ya mashine tulikuwa na binadamu waliolipwa senti kuandika upuuzi uleule, na Google iliwakung'uta 2011. Na tusijifanye wasafi, mablogu yetu yalikuwa yanaibiana habari neno kwa neno, hadi makosa ya tahajia.

Anayesema hakuna madhara aulize Dublin. Tarehe 31 Oktoba 2024 maelfu ya watu walijaa mtaa wa O'Connell kusubiri gwaride la Halloween lililotangazwa na tovuti ya namna hii, iliyoendeshwa kutoka Pakistani. Gwaride halikuwepo. Polisi wakabaki kuwaomba watu watawanyike. Mwenye tovuti alisema ni makosa, na pengine kweli. Wale walirudi nyumbani wakiwa wamepoteza jioni moja. Anayesoma ile makala ya figo saa tisa usiku, tumbo linamuuma na hana nauli ya hospitali, anapoteza nini?

Nimempigia bwana shamba wa kata, hajapokea siku mbili. Ndiyo sababu watu wanaishia kwenye linki, na hilo nalo linaniudhi, ila ni ugomvi wa siku nyingine.

Shangazi nilimweleza yote: mashine, dakika ishirini, barafu. Alinyamaza kidogo.

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyeandika?"

"Hakuna, shangazi."

"Na ile picha ya yule mama anayecheka?"

"Hata yeye hayupo."

"Haya," akasema. "Mimi nilikuwa nataka namba yake. Nimuulize kantangaze anamtibuje."