Barua kwa bibi mwenye chupa ya uji

Jana kliniki, mwenzangu mmoja alimfokea bibi mbele ya foleni nzima kwa sababu mjukuu haongezeki uzito. Bibi akambeba mtoto mgongoni, akaondoka kimya. Iliniuma sana. Haya ndiyo niliyopaswa kumkimbilia nimwambie.

Shikamoo bibi,

Nisamehe kwa ya jana. Hukumnyima mtoto chakula. Nimeona chupa yako, chuchu imetobolewa kwa sindano ya moto ili uji upite, na umeniambia anamaliza chupa nne kwa siku. Tatizo ni kwamba anashiba maji.

Mjukuu wako ana miezi 16 na kilo 8.1, na kwenye kadi mstari wake umelala miezi mitatu sasa. Utepe wa mkono umesoma sentimita 12.1, rangi ya njano. Tumbo la mtoto hubeba kama mililita 30 kwa kila kilo yake, kwa hiyo lake hujaa kwa kikombe kimoja tu. Kikombe hicho kikiwa na kijiko kimoja cha unga na kilichobaki ni maji, ameshiba na hajala. Ndiyo maana analala vizuri na bado mikono inakonda.

Umesema mama yake alikua kwa uji huohuo. Sawa, sikatai. Lakini yeye alinyonya hadi miaka miwili, na zizini kulikuwa na ng'ombe. Huyu aliachishwa ziwa na miezi 11, mama alipokwenda mjini kutafuta kazi.

Umesema pia uji mzito unamkaba. Hilo ni kweli, na dawa yake unaijua kuliko mimi: kimea. Loweka ulezi usiku mmoja, uuoteshe kwenye kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu, uanike ukauke, usage. Pika uji mzito usiodondoka kwenye kijiko. Epua, uache upoe kidogo, kisha koroga kijiko kimoja cha kimea. Baada ya dakika chache utaona unalegea wenyewe, na unga wote bado umo. Urudishe jikoni uchemke tena.

Kisha tia kijiko cha karanga zilizosagwa laini au mafuta. Karanga zenye ukungu au zilizosinyaa zitupe, zina sumukuvu. Mchana ale ugali laini na maharage yaliyopondwa au dagaa wa kusaga, na yai kuku akitaga. Milo iwe minne, na katikati umpe ndizi au parachichi. Chupa iache kabisa, mlishe kwa kikombe na kijiko.

Nitakungoja baada ya wiki mbili, na nitampima mwenyewe. Ila kila asubuhi mbonyeze juu ya miguu yote miwili kwa dole gumba, uhesabu taratibu hadi tatu. Ukiinua kidole na shimo limebaki, usingoje tarehe, mlete siku hiyohiyo.