Zoni au mtu kwa mtu: tundu liko wapi, au tundu ni nani?

Katika viwanja vya saruji vya mpira wa kikapu vya Lubumbashi, kocha anayeona timu yake inafungwa mara tatu mfululizo chini ya kikapu hupaza neno moja tu, "Zoni!", na wachezaji wake watano huacha watu waliokuwa wakiwafuata, kila mmoja akarudi mahali pake. Hufuata dakika mbili tatu za nafuu, kisha mabao huanza kuingia tena, safari hii kutoka upande mwingine. Nafuu hiyo haikuwa ya bahati. Zoni haizibi tundu, bali hulihamisha, na wapinzani huhitaji muda kidogo kulitafuta.

Katika ulinzi wa mtu kwa mtu, kila mlinzi hujiuliza mtu wake yuko wapi. Katika zoni hujiuliza mpira uko wapi, na yeye kwa hiyo asimame wapi. Ndiyo maana ulinzi wa kwanza huvunjika kwa jina la mtu. Mlinzi mmoja akiwa mzito wa miguu, wapinzani watampelekea mchezaji wao mwepesi, na wasipopata nafasi hiyo wataitengeneza kwa ekrani: mshambuliaji mmoja anasimama imara njiani mwa mlinzi, walinzi wawili wanalazimika kubadilishana watu, na pivoti, yule mrefu anayecheza chini ya kikapu, anajikuta mbali nacho akimkabili mchezeshaji mfupi mwenye kasi. Zoni humficha mlinzi huyo, kwa kuwa hana mtu wa kumfuata. Lakini zoni ina nafasi zake zilizo wazi tangu mwanzo, na nafasi hizo haziondoki hata walinzi wote watano wakiwa hodari.

Tuchukue mchezo wa kufikirika kati ya vijana wa Katuba na vijana wa Kamalondo. Pivoti wa Katuba ana faulo nne, na ya tano itamtoa mchezoni. Kocha wake anapanga zoni ya wawili mbele na watatu nyuma, pivoti akiwa katikati ya wale watatu, ndani ya raketi, yaani lile eneo lililochorwa chini ya kikapu. Uamuzi huo una akili. Ni mwezi wa nane, upepo wa kiangazi unapeperusha vumbi, na anayerusha kutoka mita 6.75, ulipo mstari wa pointi tatu, hana uhakika mpira utafika wapi.

Mpira ukienda kwa mshambuliaji wa kulia, mlinzi wa mbele wa kulia ndiye anayemtokea. Ukishuka hadi kona ya kulia, anatoka mlinzi wa nyuma wa kulia, pivoti anasogea kuziba upande huo wa raketi, mlinzi wa nyuma wa kushoto anaingia chini ya kikapu, na mlinzi wa mbele wa kushoto anashuka hadi karibu na mstari wa mitupo huru. Walinzi wote watano wamesogea, na kila mmoja yuko panapotakiwa. Hata hivyo upande wote wa kushoto umebaki mtupu. Mpira ukirudishwa huko kwa pasi fupi fupi kupitia juu, walinzi wana muda wa kurudi. Ukirushwa kwa pasi moja ndefu juu ya vichwa, mpokeaji ana muda wa kutosha kulenga. Kocha wa Katuba anakubali hatari hiyo kwa sababu ya upepo, na pia kwa sababu pasi ndefu ya namna hiyo hunyakuliwa kirahisi na mlinzi mwenye mikono mirefu.

Hatari ambayo hakuikadiria iko penye mstari wa mitupo huru, mita 4.6 tu kutoka usawa wa ubao. Kamalondo wanamweka hapo mchezaji mrefu anayejua kutoa pasi, na mwingine anajibanza kwenye mstari wa mwisho, nyuma ya migongo ya walinzi. Mpira ukimfikia yule wa katikati, ni nani wa kumkabili? Pivoti akipanda, anayejibanza nyuma anapokea pasi peke yake chini ya kikapu. Walinzi wawili wa mbele wakimbana, pembeni kunabaki wazi. Asipotokea mtu, anageuka na kurusha bila kuguswa. Walinzi watatu wana sababu ya kwenda, ila hakuna aliyepewa wajibu huo, kwa hiyo ama wanakwenda wawili kwa pamoja, ama haendi yeyote. Pivoti mwenye faulo nne atabaki nyuma, na mtu asimlaumu kwa hilo. Dawa ni kukubaliana kabla ya mchezo: mpira ukiwa upande mmoja, mlinzi wa mbele wa upande wa pili anasimama penye mstari huo, na timu inajua kwamba imeuacha upande wake.

Mpira unaodunda kutoka kwenye ringi hufuata mantiki hiyohiyo. Katika mtu kwa mtu, mrusho ukitoka, kila mlinzi anamgeukia mtu wake, anamwekea mgongo, ndipo anautafuta mpira. Katika zoni hakuna wa kuwekewa mgongo. Mrusho wa mbali hudunda mbali, mara nyingi upande wa pili, hasa kwenye ringi ngumu za viwanja vyetu, na mshambuliaji anayekuja mbio kutoka pembeni huwahi. Timu inayotetea vizuri kwa sekunde ishirini inaweza kujikuta ikianza upya, kwa kuwa washambuliaji wakiupata mpira baada ya kugusa ringi saa ya mashambulizi huwapa sekunde 14 nyingine.

Sheria nazo zina sehemu yake. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la dunia, ambazo ndizo tunazotumia, pivoti anayelinda anaruhusiwa kukaa ndani ya raketi muda wote. Kikomo cha sekunde tatu humo kinamhusu mshambuliaji tu. Katika NBA, ligi ya Marekani, iliyoruhusu zoni tangu msimu wa 2001-02, mlinzi asiye karibu na mtu wa kumkaba naye hana zaidi ya sekunde tatu humo. Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, amefanya kazi yake ya kuzuia mirusho huko chini ya sharti hilo, ambalo pivoti wa Katuba hana. Kijana anayeiga anachokiona kwenye televisheni asisahau tofauti hiyo.

Kwa upande wangu ningefundisha mtu kwa mtu kwanza, ingawa nao si safi kama unavyodhaniwa. Mshambuliaji akishampita mlinzi wake, mwingine lazima aje kumsaidia, na wa tatu azibe nafasi ya huyo wa pili. Kwa sekunde mbili hivi timu inacheza zoni bila kuipanga, na tundu linatokea kona ya mbali. Aliyezoea kukaba mtu ataweza kumkaba yeyote aingiaye eneo lake, ilhali aliyelelewa katika zoni peke yake huishia kulinda sakafu.

Kocha asiyejua aendelee na ulinzi upi achukue karatasi na kalamu. Kila kikapu kinapoingia, aandike mahali mrusho ulipotokea na jina la mlinzi aliyekuwa karibu zaidi. Mahali pakijirudia huku warushaji wakibadilika, zoni imeshasomwa na wapinzani. Jina la mlinzi mmoja likijirudia mara nne katika robo moja, ni huyo wanayemtafuta, na zoni ya dakika chache itampumzisha, mradi aliyepangwa kusimama penye mstari wa mitupo huru awe tayari anajulikana.