Riba ya kuchelewesha malipo: iwe ndogo, ianze siku inayojulikana

Mikataba ya kuuzia samaki mahoteli hapa Mwanza mara nyingi ina sentensi moja tu kuhusu malipo: "Mnunuzi atalipa ndani ya siku 30." Siku 30 tangu lini? Tangu mzigo ulipopokelewa, tangu ankara ilipofika, au tangu mhasibu aliporudi likizo? Pengo hilo ndilo linalomuumiza muuza sato wa Mwaloni Kirumba, ambaye kwa wavuvi hununua kwa pesa taslimu.

Wengine huliziba kwa hasira, wakaandika faini ya asilimia 10 kwa wiki. Mimi naona wanajidanganya. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinaipa mahakama nafasi ya kutoa fidia inayostahili tu, na kiasi mlichoandika kinabaki kuwa ukomo. Kabla hata ya kufika huko, meneja akiiona faini hiyo atatafuta muuzaji mwingine.

Mimi ningeandika hivi:

"Malipo yatafanyika ndani ya siku 30 tangu mnunuzi alipopokea ankara pamoja na hati ya kupokelea mzigo iliyosainiwa. Baada ya hapo kuna siku 7 za neema zisizo na riba. Siku hizo zikiisha, deni lisilobishaniwa litatozwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, ikihesabiwa kwa siku hadi siku ya kulipwa, bila riba juu ya riba."

Tuseme ankara ya shilingi 2,400,000 imepokelewa 3 Machi. Mwisho wa kulipa ni 2 Aprili, na neema inaisha 9 Aprili. Riba inaanza 10 Aprili, kama shilingi 1,183 na senti kwa siku. Hoteli ikilipa 29 Aprili, siku zimekuwa 20, na riba ni takribani 23,670. Haimtajirishi mtu, lakini mhasibu mwenye ankara kumi mezani ataanza na yenye saa inayotembea.

Neno "lisilobishaniwa" msilifute. Wakisema kilo 15 zilifika zimelegea, wabishanie hizo kilo 15 na walipe zilizobaki kwa wakati.

Notisi mimi siifungi kwenye riba, maana ukisahau kuituma unapoteza haki yako. Naifunga kwenye kusimamisha mzigo: neema ikiisha, muuzaji anaandika namba ya ankara, kiasi na tarehe, kisha anasubiri siku 5 za kazi kabla ya kuacha kupeleka samaki. Iende kwa barua pepe na namba ya simu ya uhasibu vilivyotajwa ndani ya mkataba. Ukimtumia mpishi ujumbe, kesho utaambiwa ofisi haikuuona, na huenda ikawa kweli.

Kesi ikifika hukumu, hesabu inabadilika: kwa utaratibu wa madai, riba juu ya deni la hukumu ni asilimia 7 kwa mwaka, au hadi 12 mkikubaliana kwa maandishi. Basi hiyo 12 nayo iandikeni, kwa sentensi yake.